Makala ya kurasa 59 ndani ya dakika kumi za semina

*Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa kwanza wa uzamili, masomo ya maendeleo. Nimepangiwa makala ya Edward Miguel na Michael Kremer kuhusu dawa za minyoo kule Busia, niiwasilishe darasani kwa dakika kumi. Wenzangu hawajaisoma. Nimetengeneza slaidi 22 kwa kufuata vichwa vya makala, lakini nikijaribu kusema, muda unaisha nikiwa bado kwenye mapitio ya maandiko. Niifupishe vipi bila kuiharibu?*

Marahaba. Hizo slaidi 22 ziweke kando kwanza, usianze kuzipunguza. Ukizipunguza utabaki na mpangilio uleule uliokukwamisha, ila sasa kila sehemu itakuwa nyembamba zaidi. Makala ya jarida hupangwa kwa ajili ya mhakiki anayesoma kwa mashaka, mwenye muda wa kurudi nyuma kurasa kumi akahakikishe jedwali. Mwenzako aliyekaa darasani anasikia mara moja tu. Kwa hiyo anahitaji mpangilio wake mwenyewe, na kuutengeneza ndiyo kazi yako hasa.

Makala hii ilitoka kwenye jarida la Econometrica mwaka 2004, kurasa 159 hadi 217. Ndani yake mna mambo mengi: aina za minyoo, ramani ya shule, gharama, mtihani, milinganyo, majedwali. Lakini kuna fundo moja tu lililoifanya isomwe na kubishaniwa hadi leo, na ukilipata hilo, utajua kila kitu kingine kinastahili dakika ngapi au hakistahili kabisa.

Namna ya kulipata ni hii. Soma ikisiri, kisha utangulizi, kisha hitimisho, halafu funga makala. Chukua karatasi uandike sentensi moja yenye mambo manne: nani alifanyiwa nini, akalinganishwa na nani, nini kikatokea, na *kwa sababu gani*. Wanafunzi wengi huandika mambo matatu ya kwanza wakaishia hapo: "Shule zilizopewa dawa za minyoo ziliongeza mahudhurio." Sentensi hiyo ni kweli, lakini haibebi semina, maana mwenzako atasema "sawa" na hatakuwa na la kuuliza. Ukilazimika kuongeza sababu, unapata kitu kama hiki:

"Shule zilipopewa dawa za minyoo, mahudhurio yalipanda hata kwa watoto ambao hawakumeza dawa, kwa sababu maambukizi yalipungua kwa wote, kwa hiyo utafiti unaompa dawa mtoto huyu na kumnyima jirani yake wa darasani hupata jibu dogo kuliko faida yenyewe."

Hapo ndipo fundo lilipo. Kumbe makala haisemi tu kwamba dawa inasaidia. Inasema tafiti za kabla yake zilikuwa zikiipima faida hiyo kwa namna inayoificha. Iandike sentensi yako juu ya karatasi, na kila utakachotaka kukiingiza kwenye muhtasari kiulize swali moja: bila hiki, je, msikilizaji atashindwa kuielewa sentensi ile? Kama hatashindwa, kitoe.

Fundo hili lipe dakika mbili nzima, na lieleze kabla ya takwimu yoyote. Wengi huharibu hapa kwa kuanza na istilahi. Anza na watoto wawili. Unaweza kusema hivi, karibu neno kwa neno:

"Fikirieni watoto wawili wanaokaa dawati moja. Mmoja tumempa dawa, mwingine hatukumpa. Mayai ya minyoo hutoka na choo, huingia kwenye udongo, na kutoka hapo humpata mtu mwingine. Aliyepewa dawa ameacha kumwaga mayai. Kwa hiyo hata yule wa pili ataambukizwa kidogo kuliko zamani. Sasa tukiwalinganisha wote wawili mwisho wa mwaka, tofauti yao itakuwa ndogo, nasi tutasema dawa haina faida kubwa. Kumbe tofauti ni ndogo kwa sababu faida imewafikia wote wawili."

Kisha nyamaza kidogo, waache waielewe. Baada ya hapo sema jinsi watafiti walivyolikwepa tatizo hilo: badala ya kugawa dawa kwa mtoto mmojammoja, waligawa kwa shule nzima. Msikilizaji akishafika hapa ataelewa mwenyewe kwa nini kundi la shule ni jambo la lazima katika utafiti huu, na maelezo yako ya mbinu yatakuwa mafupi sana.

Na mbinu kweli iwe fupi, dakika moja na nusu. Mradi ulihusu shule 75 za msingi katika wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Viktoria, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. La kwanza lilianza kupewa dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu likasubiri hadi 2001. Dawa zilikuwa albendazoli kwa minyoo ya tumbo, na prazikwanteli mahali ambapo kichocho kilikuwa kingi. Mahudhurio hayakuchukuliwa kwenye rejista ya mwalimu. Watu wa mradi walifika shuleni bila taarifa na kuhesabu waliopo. Jambo hili la mwisho usilikate hata kama linaonekana dogo. Kila aliyewahi kufundisha anajua rejista hujazwa vipi, na mwenzako yeyote mwenye akili ya kushuku atakuuliza. Ukilisema mapema kwa sentensi moja umeokoa dakika mbili za maswali.

Mgawanyo huo wa awamu uchore. Mstari mmoja wa miaka, makundi matatu chini yake, na alama pale dawa ilipoanza. Mchoro huu unachukua nafasi ya slaidi tatu za maneno, na ndio utakaokusaidia kueleza ni nani alilinganishwa na nani: mwaka 1998 kundi la kwanza lilikuwa na dawa na mengine mawili hayakuwa nayo.

Sasa matokeo. Hapa ndipo ninapotaka uwe mkali zaidi, kwa sababu makala ina majedwali mengi na kila moja litakuvuta. Chukua matokeo matatu tu, kwa mpangilio wa sababu na tokeo. Kwanza afya: mwanzoni mwa 1999, kabla kundi la pili halijapewa dawa, watoto waliopimwa na kukutwa na maambukizi ya kati au mazito walikuwa asilimia 52 katika kundi hilo, na asilimia 27 katika kundi la kwanza. Hizo namba mbili zigeuze kuwa nguzo mbili kwenye slaidi moja. Usinakili jedwali zima la makala na kulibandika. Jedwali lenye safu nane na makosa sanifu kwenye mabano halisomeki kutoka kiti cha nyuma, na wewe utajikuta unasema "msijali hizi nyingine," sentensi inayomwambia msikilizaji kwamba hukuchagua.

Pili mahudhurio, na hapa pana mtego ambao nimeuona ukiwanasa hata watu wazima. Makala inasema utoro ulipungua kwa robo. Inasema pia mahudhurio yalipanda kwa angalau pointi 7 za asilimia. Mwanafunzi mwenye haraka huchanganya hizo mbili na kutangaza kwamba mahudhurio yalipanda kwa asilimia 25. Si kweli. Ni tokeo moja lililosemwa kwa njia mbili. Chukua wanafunzi mia: ikiwa siku fulani 28 hivi hawapo, na baadaye wanaokosekana wanakuwa 21, utoro umepungua kwa 7, na 7 ni robo ya 28. Waliopo wamepanda kutoka 72 hadi 79. Chagua njia moja ya kusema, ibaki hiyohiyo kwenye slaidi na mdomoni. Mimi ningechagua hesabu ya watoto mia, maana inasikika na kuonekana palepale.

Tatu, faida kwa wasiomeza dawa. Katika shule zilizopewa dawa kulikuwa na watoto ambao hawakuimeza: wengine hawakuwapo siku ya dawa, na wasichana wa miaka 13 na zaidi hawakupewa kwa tahadhari ya mimba. Watoto hawa nao afya na mahudhurio yao yaliboreka. Tokeo hili linarudi moja kwa moja kwa wale wawili wa dawati moja, kwa hiyo lirudishe kwao kwa maneno: "Huyu ndiye mtoto wa pili wa dawati letu." Bila kuunganisha hivyo, msikilizaji atalisikia kama tokeo lingine tu kwenye orodha, ilhali ndilo linaloithibitisha hoja ya makala.

Baada ya hayo matatu kuna tokeo la nne, nalo linahitaji sentensi moja isiyokatwa kwa hali yoyote: alama za mtihani hazikuonyesha kupanda. Waandishi wenyewe wamelisema wazi, tena kwenye ikisiri. Najua kishawishi cha kuliacha, maana linaharibu hadithi nzuri ya watoto waliopona wakarudi shule. Lakini ukiliacha utakuwa umewapa wenzako makala nyingine, isiyoandikwa na mtu. Kipimo changu cha muhtasari wa haki ni hiki: mwandishi wa makala akikaa kiti cha nyuma, je, atasikia tokeo lake lisilopendeza likisemwa kwa sauti ileile ya yale yanayopendeza?

Gharama je? Makala inakadiria dola 3.50 kwa kila mwaka wa ziada wa masomo uliopatikana, na namba hiyo ndiyo iliyosafiri sana kwenye mijadala ya sera. Nafasi yake ni sentensi moja mwishoni mwa matokeo. Kuieleza jinsi ilivyokokotolewa kunataka dakika tatu ambazo huna, na haiisaidii sentensi yako kuu. Mapitio ya maandiko yote yaingie kwenye maneno "tafiti za awali zilimgawia dawa mtoto mmojammoja," ambayo tayari umeyasema kwenye fundo. Milinganyo iache kabisa. Maelezo ya aina nne za minyoo yaache pia, isipokuwa kutaja kwamba ni za udongo na kichocho.

Inabaki dakika moja na nusu ya ukosoaji, na hii isiwe ile ya "utafiti ulikuwa na mapungufu kadhaa, mfano sampuli." Shule 75 si sampuli ndogo, na kulalamika bila sababu kunaonyesha hukusoma. Una hoja mbili za kweli. Moja iko ndani ya makala: shule za dawa zilipata pia mafunzo ya afya, kama kuvaa viatu, usafi, na kuepuka maji ya ziwa. Basi tutajuaje ni dawa na si mafunzo? Waandishi walilichunguza hilo na hawakuona mabadiliko ya maana katika tabia hizo, na jibu hilo lazima ulitaje pamoja na hoja yenyewe, la sivyo utakuwa umewaonea.

Ya pili iko nje ya makala, na mwanafunzi wa uzamili anatakiwa aijue. Mwaka 2015 watafiti waliohusiana na chuo cha afya na tiba za tropiki cha London walichapisha uchambuzi mpya wa takwimu zilezile katika jarida la International Journal of Epidemiology. Walikuta makosa ya hesabu. Baada ya kuyasahihisha, kupanda kwa mahudhurio ndani ya shule zilizopewa dawa kulibaki, lakini faida iliyodaiwa kufika shule za mbali, kilomita 3 hadi 6, haikusimama. Miguel na Kremer walijibu kwamba faida kwa shule za karibu bado inaonekana. Ukizisema sentensi hizo tatu kwa utulivu, wenzako wataelewa jambo gumu: kwamba hoja ya makala inaweza kubaki ndani ya shule huku umbali inakofika ukibishaniwa. Ndiyo maana nilikuandikia sentensi kuu inayosema "watoto ambao hawakumeza dawa" bila kutaja shule jirani. Kama ungeiweka kwenye dai kubwa zaidi la kilomita, ukosoaji ungeibomoa mbele ya darasa.

Ukiweka yote kwenye karatasi moja, muhtasari wako unakuwa hivi:

Dakika 1: swali. Kwa nini faida ya dawa ya minyoo ni ngumu kupima?
Dakika 2: watoto wawili wa dawati moja. Slaidi ya mchoro tu, bila maneno.
Dakika 1 na nusu: shule 75, makundi matatu, mstari wa miaka, ziara za kushtukiza.
Dakika 2 na nusu: nguzo mbili (52 na 27); watoto mia (28 kuwa 21); mtoto wa pili wa dawati; mtihani haukupanda; dola 3.50.
Dakika 1 na nusu: mafunzo ya afya na jibu lake, uchambuzi wa 2015.
Nusu dakika: swali kwa darasa.

Jumla ni dakika tisa. Ile ya kumi usiijaze. Itakwenda kwenye kuwasha projekta, kwenye mtu anayeingia kwa kuchelewa, na kwenye ule ukimya niliokuomba baada ya fundo. Slaidi zinazotokana na muhtasari huu ni tano au sita.

Kwa kila sehemu andika kwenye karatasi yako sentensi ya kwanza na ya mwisho kwa ukamilifu, katikati weka maneno machache ya kukumbusha. Ukiandika kila neno utasoma, na kusoma kwa sauti kwenye semina kunamfanya msikilizaji aangalie simu. Ukiacha bila sentensi za mwanzo na mwisho, utazunguka kila unapotaka kuhama sehemu, na dakika nyingi hupotelea kwenye hayo mazunguko. Kama darasa lenu huendeshwa kwa Kiingereza, karatasi hii iandike kwa Kiingereza tangu mwanzo. Kutafsiri huku umesimama kunakula muda kuliko unavyodhani, hasa kwenye lile fundo.

Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, simu ikirekodi. Usiangalie tu muda wa mwisho. Angalia uko wapi dakika ya tatu. Kama dakika tatu zimepita na bado hujawamaliza watoto wawili, tatizo liko kwenye ufunguzi, na kukata mwishoni hakutakusaidia. Mara nyingi mzigo wa ziada ni usuli: ukubwa wa tatizo la minyoo duniani, historia ya waandishi, tuzo ya Nobeli aliyopata Kremer mwaka 2019. Vitoe. Na kabla hujaingia darasani, piga mstari kwenye karatasi chini ya vitu viwili utakavyoviruka ukiona umechelewa. Kwa makala hii ningeruka dola 3.50 kwanza, kisha hoja ya mafunzo ya afya. Mtihani na uchambuzi wa 2015 vibaki hata ukiwa umebakiwa na dakika moja.

Swali la kuliuliza darasa usiliache liwe "kuna swali?" Liandae. Mimi ningeuliza: ikiwa mtoto anahudhuria zaidi lakini mtihani haupandi, je, serikali ilipie dawa hizi kwa fedha za elimu au za afya? Mtu anaweza kulijibu bila kuwa amesoma kurasa 59, na majibu yatagawanyika.

Weka pia slaidi moja ya akiba baada ya ile ya mwisho, kwa swali ambalo karibu hakika litakuja: mtoto asiyemeza dawa pengine ni mtoro wa kawaida, au wazazi wake hawakukubali, sasa mnamlinganishaje na wengine? Jibu lipo kwenye makala na ni zuri. Watafiti hawakumlinganisha na walioimeza dawa. Waliwachukua wasiomeza wa kundi la kwanza mwaka 1998, wakawalinganisha na wale wa kundi la pili ambao nao, zamu ya shule zao ilipofika mwaka 1999, hawakumeza. Yaani mtoro kwa mtoro, ila mmoja shule yake ilikuwa tayari imepata dawa. Ukifungua ule mstari wa miaka na kuonyesha kwa kidole, jibu zima ni nusu dakika.